Dhahabu ya Geita inavyogusa bei ya sangara Kirumba

Dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Kanda ya Ziwa, ambako migodi mikubwa kuliko yote nchini ipo Geita, Kahama na Tarime, habari hiyo ilipaswa kuwa njema kwa kila mtu. Lakini kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza, ambacho hakijawahi kugusa hata gramu moja ya dhahabu, kwa kila dola kiliyoingiza mwezi huo kilipata shilingi pungufu kuliko kilivyopata Mei. Bei ya minofu haikulazimika kushuka ng'ambo ili jambo hilo litokee. Ilitosha shilingi iimarike.

Wachumi wanazo sarafu wanazoziita sarafu za bidhaa. Ni fedha za nchi zinazoishi kwa kuuza nje bidhaa moja au mbili za shambani au za ardhini, na thamani yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya bidhaa hizo. Dola ya Australia na madini ya chuma, peso ya Chile na shaba, na kwacha ya Zambia na shaba vilevile. Mfano wa karibu nasi, na ulio wazi zaidi, ni huo wa kwacha. Ukiuelewa vizuri utaona pia kwa nini shilingi yetu inafanana nayo kidogo tu, na kwa nini hicho kidogo kinatosha kumgusa mvuvi.

Tuanze na safari ya dola yenyewe. Mgodi unauza madini yake nje na kulipwa kwa dola. Dola hizo nyingi hazifiki nchini kabisa. Mitambo, vipuri, baruti, mafuta ya dizeli, marejesho ya mikopo na gawio la wanahisa vinalipwa kwa dola hukohuko nje. Kinachobaki ndicho kinachoingia, kwa sababu mgodi una malipo ya nyumbani: mishahara, wakandarasi wa hapa, chakula cha kambi, usafiri, kodi. Mishahara hailipwi kwa dola, kwa hiyo mgodi unaipigia simu benki yake na kuuza dola ili upate shilingi. Benki nayo inaziuza kwa mteja anayeagiza mabati au dawa, au kwa benki nyingine katika soko la fedha za kigeni baina ya mabenki. Bei ya dola inapatikana hapo, kati ya wenye kuzileta na wenye kuzitafuta. Siku ambayo migodi inaleta nyingi, dola inashuka. Siku ambayo haileti, waagizaji wanazigombania na inapanda.

Zambia inaonyesha jambo hili bila kificho kwa sababu shaba peke yake huleta karibu asilimia 70 ya mapato yake ya mauzo ya nje. Wafanyabiashara wa fedha wa Lusaka wamezoea kuona kwacha ikipata nguvu kidogo pale kampuni za migodi zinapobadili dola kwa ajili ya mishahara. Ndipo ukaja mwaka 2015. Ulipoanza, tani moja ya shaba ilikuwa karibu dola 6,300, na dola moja ilinunuliwa kwa kwacha 6.4 hivi. China, inayotumia karibu nusu ya shaba yote duniani, ilikuwa inapunguza kasi ya ujenzi wake. Kufikia Novemba shaba ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 4,600. Na kwacha? Dola moja ilifika zaidi ya kwacha 14.

Tazama tofauti hiyo. Shaba ilipoteza kama robo ya bei yake, ilhali dola ilipanda zaidi ya maradufu. Mtu anayedhani sarafu ya bidhaa hutembea sambamba na bidhaa yake, asilimia kwa asilimia, atashindwa kuelezea hili. Sababu ya kwanza imo katika hesabu ya mgodi niliyoitaja hapo juu. Tuseme gharama za kulipia nje ni dola 4,000 kwa kila tani. Shaba ikiwa 6,300, zinabaki dola 2,300 za kuleta nyumbani. Ikiwa 4,600, zinabaki 600. Bei imepungua kwa zaidi kidogo ya robo, lakini dola zinazoingia katika soko la Lusaka zimepungua kwa karibu robo tatu. Gharama za nje hazishuki eti kwa kuwa shaba imeshuka, kwa hiyo pigo lote linaangukia kile kibaki chembamba ambacho ndicho kinacholisha soko la fedha.

Sababu ya pili ni kwamba watu hawasubiri dola ziishe ndipo wazitafute. Septemba mwaka huo kampuni ya Glencore ilitangaza kwamba mgodi wake wa Mopani, wenye shughuli Kitwe na Mufulira, utasimamisha uzalishaji kwa miezi 18. Hapo hakuna dola iliyokuwa imepotea bado. Ila kila mwagizaji wa Lusaka alielewa kwamba miezi ijayo dola zitakuwa chache, akaenda benki kuchukua zake mapema, na aliyekuwa nazo akazishikilia. Septemba 28 kwacha iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 10 katika siku moja, kampuni ya Moody's ilipokuwa imetoka kushusha daraja la Zambia la kukopesheka na hisa za Glencore zikianguka London. Katika bwawa la umeme la Kariba nako maji yalikuwa yamepungua, umeme ukawa wa mgao, na migodi isiyo na umeme haichimbi. Serikali ilikuwa pia na dhamana za kimataifa za mwaka 2012, 2014 na 2015, ambazo riba yake hulipwa kwa dola. Rais Edgar Lungu alitangaza Oktoba 18 kuwa siku ya taifa ya maombi na kufunga, na sarafu ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoombewa.

Kilichofuata kina funzo kubwa kuliko anguko lenyewe. Novemba Benki ya Zambia ilipandisha riba yake kutoka asilimia 12.5 hadi 15.5 na kubana kwacha zilizokuwa zikizunguka katika mabenki. Mwenye kwacha za kununulia dola akazikosa, na mwenye dola akalazimika kuziuza ili apate kwacha. Mwaka ulipoisha dola ilikuwa imerudi karibu na kwacha 11. Shaba ilikuwa bado iko chini. Kwa hiyo bei ya bidhaa ndiyo iliyoisukuma kwacha, lakini umbali ilioanguka uliamuliwa na hofu, madeni na wingi wa kwacha mitaani. Wananchi wakalipa kwenye sahani: mfumuko wa bei uliokuwa chini ya asilimia 8 mwezi Septemba ulizidi asilimia 20 Desemba.

Wengine hujaribu kuizuia sarafu isitembee. Nigeria, ambayo mafuta ndiyo shaba yake, iliishikilia naira kwenye 197 hadi 199 kwa dola tangu mapema 2015 hadi Juni 2016, huku pipa la mafuta lililokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014 likishuka hadi chini ya 30 Januari 2016. Bei rasmi ilitulia kweli. Dola ndizo zilizopotea benki, zikawa zinapatikana mtaani kwa bei ya juu sana, hadi serikali ikaiachia naira. Waagizaji wa Mwanza walioambiwa na benki zao mwaka 2023 kwamba hakuna dola, au wachukue kidogo kidogo kwa zamu, wanaijua hali hiyo. Kubanwa kwa bei hakuleti dola zisizokuwepo. Kunabadilisha tu mahali uhaba unapoonekana, kutoka kwenye ubao wa bei hadi kwenye foleni.

Sasa turudi kwetu. Tanzania inauza dhahabu nyingi, na watu wengi hukata shauri kwamba shilingi ni sarafu ya dhahabu. Mimi siamini hivyo, na mwaka 2025 ndio shahidi wangu. Januari hadi Mei dhahabu ilipanda kutoka karibu dola 2,600 kwa aunsi hadi karibu 3,300. Katika miezi hiyohiyo shilingi ilidhoofika, kutoka karibu 2,400 kwa dola hadi karibu 2,690. Kwacha isingefanya hivyo kirahisi kama shaba ingepanda kwa kiasi hicho.

Sehemu ya jibu ni uzito. Mwaka 2024 dhahabu ilileta karibu dola bilioni 3.4, katika mauzo yote ya bidhaa na huduma nje ya karibu bilioni 16. Hiyo ni sehemu moja kati ya tano. Utalii ulileta zaidi ya dhahabu, na baada yake zipo korosho, tumbaku, kahawa, pamba, na mizigo ya majirani inayopita bandari ya Dar es Salaam. Nchi yenye mapato ya aina nyingi haianguki wala kupaa kwa bidhaa moja. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Cashin, Céspedes na Sahay, walipozichunguza nchi 58 zinazouza bidhaa za aina hii katika kazi waliyoichapisha mwaka 2004, walikuta uhusiano wa muda mrefu kati ya thamani halisi ya sarafu na bei ya bidhaa katika karibu theluthi moja tu ya nchi hizo. Kuuza bidhaa hakutoshi kuifanya sarafu iifuate.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu, kwa maoni yangu, ni kalenda. Dola zetu huja kwa msimu. Watalii hujaa Serengeti kuanzia Juni, korosho na tumbaku hulipwa nusu ya pili ya mwaka, na pamba iliyovunwa huku kwetu husafirishwa miezi hiyohiyo. Januari hadi Mei zinazoingia ni chache, na waagizaji hawapungui. Ndiyo maana mwaka 2024 dola ilikuwa karibu na shilingi 2,700 Septemba, ikashuka hadi karibu 2,400 mwaka ulipoisha, na ndiyo maana mchezo huo ulijirudia mwaka uliofuata: kutoka 2,690 Mei hadi karibu 2,450 Oktoba. Dhahabu ghali iliongeza nguvu katika mwendo ambao msimu ulikuwa umeuanzisha. Kanuni zilizoanza Machi 28, 2025 za kukataza bei za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni nazo zilipunguza wanaozitafuta dola bila kuagiza kitu.

Kuna na jambo la tatu, ambalo huku Mwanza liko mlangoni petu. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu, na mojawapo ya viwanda vya kusafishia ni hiki chetu kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021. Benki Kuu inalipa kwa shilingi. Fikiria maana yake katika ile safari ya dola. Dhahabu iliyouzwa nje ingeleta dola, mgodi ungezipeleka sokoni, na shilingi ingeimarika. Dhahabu iliyonunuliwa na Benki Kuu haipiti sokoni kabisa. Inaingia ghalani kama akiba ya taifa, na kinachotoka kuingia mtaani ni shilingi mpya, ambazo Benki Kuu inabidi izinyonye kwa njia nyingine zisije zikaongeza bei za vitu. Kwa hiyo mpango huo unalegeza kamba kati ya bei ya dhahabu na shilingi ya leo, na kuikaza kati ya dhahabu na uwezo wa Benki Kuu wa kuitetea shilingi kesho. Nauona ni mpango mzuri, mradi tukumbuke kwamba akiba ya dhahabu nayo hupungua thamani siku dhahabu inaposhuka.

Hata hivyo kamba iliyolegea bado ni kamba. Tuifuate hadi kwenye mifuko ya watu watatu.

Wa kwanza ni mchimbaji mdogo anayepeleka dhahabu kwenye soko la madini Geita. Aunsi ina gramu 31.1. Mei, kwa dola 3,300 kwa aunsi, gramu ya dhahabu safi ilikuwa na thamani ya dola 106 hivi. Ukizidisha kwa 2,690 unapata karibu shilingi 285,000. Oktoba, kwa dola 4,000, gramu ilikuwa karibu dola 128.6, na kwa 2,450 hiyo ni shilingi 315,000. Kwa dola, dhahabu imepanda asilimia 21. Kwa shilingi imepanda kama asilimia 10 tu. Mchimbaji aliyesikia redioni kwamba dhahabu imevunja rekodi, akafika sokoni na kukuta ongezeko ni nusu ya alilolitegemea, huenda akamshuku mnunuzi. Mnunuzi anaweza asiwe na kosa lolote. Kabla ya kugombana naye, mchimbaji agawe bei ya aunsi kwa 31.1, azidishe kwa bei ya dola ya siku hiyo, na kuangalia usafi wa dhahabu yake ulivyopimwa. Mrabaha na tozo zikishaondolewa na bado kuna pengo kubwa, hapo ana haki ya kuuliza.

Wa pili ni mwenye kiwanda cha minofu. Yeye hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu mchimbaji angalau amepandiwa bei ya dunia. Tuseme mkataba wake ni wa dola 5 kwa kilo ya minofu, na haujabadilika. Mei kilo hiyo ilimpa shilingi 13,450. Oktoba ilimpa 12,250. Mishahara, umeme, barafu na samaki wenyewe analipa kwa shilingi, na hakuna kati ya hivyo kilichoshuka kwa kuwa dola imeshuka. Shilingi 1,200 alizopoteza kwa kilo lazima zitoke mahali. Katika kila kilo 100 za sangara mzima hupatikana minofu kilo 40 na ushee, kwa hiyo hasara hiyo, ikirudishwa kwa samaki mzima, ni kama shilingi 500 kwa kilo. Wakala wake anapofika mwaloni Kirumba na bei mpya, hizo ndizo shilingi 500 anazojaribu kumtwisha mvuvi. Kama mkataba uko kwa yuro nafuu inakuwepo, kwa sababu mwaka 2025 yuro ilikuwa ikipata nguvu dhidi ya dola. Anayeuza mabondo kwa dola hana nafuu hiyo.

Wadachi waliwahi kuupitia msukosuko huu baada ya gesi kugunduliwa Groningen mwaka 1959: gesi iliiimarisha sarafu yao na viwanda vingine vikashindwa kuuza nje. Tangu mwaka 1977 unaitwa ugonjwa wa Kidachi. Kwetu haujafika mbali hivyo, na nisingependa kumtisha mtu. Ila mbegu yake ndiyo hii: utajiri wa ardhini unampunguzia kipato mtu wa ziwani ambaye hakuna mtu aliyemshauri.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemhurumia kuliko wote, ni mwenye kinu cha kuchambua pamba. Msimu wa kununua hufunguliwa karibu na Mei. Bei dira inatangazwa kwa shilingi, na anamlipa mkulima wa Magu au Kwimba taslimu wakati dola iko juu kabisa. Anachambua, anafunga marobota, anatafuta mnunuzi, na pamba nyuzi inaondoka Dar es Salaam miezi kadhaa baadaye. Malipo ya dola yanaingia Oktoba au Novemba, dola ikiwa chini kabisa. Alipopiga hesabu Mei alitumia 2,690. Anapolipwa anapewa 2,450. Asilimia 9 imeyeyuka njiani, na katika biashara ya pamba faida nzima inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Mwenye kinu aliyeumia mara moja hivyo, mwaka unaofuata humlipa mkulima bei ya chini ili ajikinge, na mkulima hajui kwamba anakatwa kwa sababu ya dola ambayo hajaiona.

Yapo mambo mawili anayoweza kufanya, na yote huanzia benki Mei, pamba ikiwa bado shambani. La kwanza ni mkataba wa kuuza dola za mbele: anakubaliana na benki leo kwamba Oktoba atawauzia dola kiasi fulani kwa bei iliyoandikwa sasa. La pili ni kukopa mtaji wa msimu kwa dola badala ya shilingi. Anachukua dola 100,000 Mei, anaziuza kwa 2,690, anapata shilingi milioni 269 za kununulia pamba, na Oktoba analipa deni kwa dola zake mwenyewe za mauzo bila kuzibadili. Kwa kiasi kile alichokopa, bei ya dola ikipanda au ikishuka haimhusu tena. Hiyo milioni 24 ambayo kushuka hadi 2,450 kungemnyang'anya inabaki kwake. Hatari iko kwenye pamba yenyewe. Mvua ikiharibu mazao au mnunuzi akivunja mkataba, atakuwa na deni la dola na hana dola, na hapo atakuwa miongoni mwa wale wanaozigombania sokoni. Kwa hiyo akope sehemu ambayo ana uhakika wa kuiuza, tuseme nusu ya msimu wa kawaida, iliyobaki aiendeshe kwa shilingi.

Mvuvi hana benki ya kumpigia simu, lakini naye ana upande wa pili wa hesabu. Injini ya boti inakunywa petroli, na petroli huagizwa kwa dola. Shilingi ikiimarika, bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hupungua pia, kama bei ya mafuta duniani haijapanda. Unafuu huo huchelewa, kwa sababu mafuta yanayouzwa leo yalilipiwa kwa dola za wiki nyingi zilizopita, wakati wakala wa kiwanda hushusha bei ya samaki mapema zaidi. Katika kipindi hicho cha katikati mvuvi ananunua petroli ya dola ghali na kuuza sangara kwa dola rahisi. Mwenye mitumbwi anayefuatilia bei ya dola kuanzia Agosti atakijua kipindi hicho kabla hakijamfika, na huo ndio wakati wa kutokopa injini mpya.